Saa ya jua ya uwanjani ambayo mshale wake ni mwanafunzi mwenyewe: mwongozo kamili kwa skuli za Pemba na Unguja

Walimu wenzangu, hii saa ya jua mtoto anasimama katikati ya uwanja, ananyanyua mikono, kivuli chake kinaangukia kwenye mstari na mstari unamwambia saa ngapi. Haina umeme wala betri, na gharama yake ni kopo la rangi na futikamba ya kuazima kwa fundi. Ila kuna jambo lazima nilianze nalo, manake ukilikosa utapaka rangi uwanja mzima afu ukaja kuifuta.

Ukitafuta kwenye intaneti utaletewa picha za saa ya duaradufu, ile yenye umbo kama la yai, namba zimezunguka pembeni na katikati kuna ngazi ya miezi, mtoto anasimama juu ya mwezi wa leo. Ni saa nzuri sana lakini ni ya watu wa mbali na ikweta. Unene wa lile yai unategemea uko umbali gani na ikweta, na sisi tupo karibu mno. Chake Chake iko nyuzi 5 na robo kusini ya ikweta, kwa hiyo ukichora duaradufu ya mita 6 kutoka mashariki mpaka magharibi, upana wake kaskazi kusini unatoka sentimita 55 tu. Hilo si yai tena, ni mstari. Na ikifika Machi na Oktoba, jua linapita utosini, mtoto anatakiwa asimame pale pale penye alama ya saa sita, na kivuli chake asubuhi nzima kinalala juu ya alama za saa zote kwa pamoja. Sasa utasoma saa gani hapo? Kwa wiki kadhaa kabla na baada ya siku hizo saa yako ni pambo.

Sababu ni kwamba ile saa inasoma upande kivuli kinakoelekea, na huku kwetu kivuli hakizunguki sana, kinalala magharibi asubuhi, kinafupika, afu kinarefuka mashariki jioni. Kinachobadilika ni urefu. Basi saa ya kwetu isome ncha ya kivuli inafika wapi. Ukifanya hivyo mambo yanakuwa mepesi ajabu: mistari ya saa inakuwa minyoofu, inakwenda kaskazini kusini karibu sambamba, na mtoto anasimama pahala pamoja tu mwaka mzima. Hiyo ndo nitakayoeleza, kwa vipimo vya Chake Chake. Wa Wete, Mkoani na Micheweni tumieni hivi hivi. Wa Unguja pia, mtapishana na saa ya mkononi kwa dakika mbili tatu na hakuna mtoto atakayegundua.

Urefu wa ngumi ndo kila kitu

Kwa kuwa tunasoma ncha ya kivuli, hiyo ncha lazima itoke kwenye urefu ule ule kila siku. Watoto hawalingani, kwa hiyo hatutumii kichwa. Tunatumia ngumi mbili zilizoshikana juu ya utosi, na katikati ya ngumi iwe sentimita 150 kutoka ardhini.

Piga mstari ukutani karibu na mlango wa darasa, sentimita 150 kutoka sakafuni. Mtoto anasimama kando ya ukuta, anafumba ngumi zake, anazibananisha, anazinyanyua juu ya kichwa mpaka katikati yake ilingane na mstari. Mtoto wa darasa la nne mwenye urefu wa kama sentimita 130 atakunja viwiko kidogo, mfupi atanyoosha zaidi. Akishaizoea mara mbili tatu anakwenda uwanjani na mikono inajua yenyewe pa kufika. Akikosea sentimita 5, saa itakosea kama dakika nne pale saa tatu asubuhi, na karibu na saa sita haikosei kitu.

Kwa nini ngumi na si vidole? Kivuli cha kitu chembamba kikienda mbali kinafifia, jua si nukta, ni duara, kwa hiyo ncha ya vidole inakuwa ukungu na kila mtoto ataonesha pake. Ngumi mbili zinatoa bonge jeusi, unasoma katikati ya bonge, basi.

Kutafuta pahala

Unahitaji eneo la mita 7 mashariki magharibi na mita 4 kaskazi kusini. Sakafu ya saruji ni nzuri kuliko zote, udongo ulioshindiliwa unafaa kwa majaribio ya chokaa. Angalia kitu cha mashariki: mwembe au jengo lililo upande huo litakuibia asubuhi, na asubuhi ndo wakati wa masomo. Minazi ya magharibi si tatizo sana mpaka alasiri.

Usawa uangalie kwa mpira wa maji, ule ule wa fundi ujenzi. Mteremko wa kaskazi kusini hauna neno. Wa mashariki magharibi usizidi sentimita 2 kwa kila mita, ukizidi hapo kivuli cha upande mmoja kitakuwa kirefu kuliko haki yake na asubuhi na mchana hazitakubaliana. Sakafu nyingi zina mteremko mdogo wa kutoa maji ya mvua, huo unavumilika.

Kupata kaskazi ya kweli

Dira ya simu usiiamini. Inafuata sumaku, na sumaku inavutwa na nondo zilizomo ndani ya saruji, utaiona inacheza ukisogea hatua mbili. Jua lenyewe litakwambia, ila linataka siku moja yenye anga safi. Msimu wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, ni mzuri, masika usijaribu.

Simamisha ufito ulionyooka, urefu mita 1 juu ya ardhi, pale utakapokuwa msimamo wa mtoto. Uwe wima kabisa, pima kwa timazi. Funga kamba ya mita 1 chini ya ufito na uchore duara kwa chaki. Asubuhi na mapema kivuli cha ufito kinatoka nje ya duara, kinafupika kidogo kidogo, na baina ya saa 3 na saa 4 ncha yake itagusa duara. Weka alama hapo hapo. Mchana kivuli kitakuwa ndani ya duara, kitaanza kurefuka, na kwenye saa 9 hivi kitagusa duara tena upande wa pili. Weka alama ya pili. Kazi ya kukodolea macho wape watoto wawili, wanaipenda kuliko unavodhani.

Unganisha alama mbili kwa kamba: huo mstari ni mashariki magharibi halisi. Sasa chora mstari unaopita kwenye shimo la ufito ukiwa sambamba na huo, na mwingine unaoukata kwa pembe mraba, ndo kaskazi kusini. Pembe mraba ipate kwa njia ya mafundi, sentimita 90 upande mmoja, 120 upande mwingine, na kamba ya kukatiza iwe 150 kamili. Ukikosea nyuzi 3 kwenye hatua hii saa yako ya mchana itapotoka kama dakika sita mwezi wa Juni, kwa hiyo rudia kupima kabla hujaendelea.

Kuchora mistari ya saa

Ng'oa ufito, pale penye shimo chora duara la ukubwa wa sahani. Hapo ndo pa kusimama, ndo kituo. Usichore nyayo, manake mtoto inabidi ageuke kuelekea kivuli chake, yaani jua liwe mgongoni asubuhi na jioni, ili asilitazame.

Sasa tandika kamba mbili za mashariki magharibi: moja mita 1 kaskazi ya kituo, nyingine mita 1 kusini. Kwenye kila kamba pima kutoka mstari wa kaskazi kusini. Saa za asubuhi zinapimwa kwenda magharibi, za mchana kwenda mashariki. Kipimo cha kwanza ni cha kamba ya kaskazi, cha pili cha kamba ya kusini, vyote sentimita:

Magharibi
- saa 2 asubuhi: 304 na 343
- saa 3: 168 na 190
- saa 4: 99 na 112
- saa 5: 52 na 58
- saa 6 mchana: 13 na 14 na nusu

Mashariki
- saa 7: 24 na 27
- saa 8: 65 na 73
- saa 9: 117 na 132
- saa 10: 198 na 224

Kila saa ina nukta mbili. Zivutie kamba moja iliyokazwa, upitishe mstari kwenye nukta zote mbili, uurefushe mpaka mita 1 na nusu kaskazi na mita 2 kusini. Utaona mistari inatanuka kidogo ikienda kusini, ni sawa, ikweta ingekuwa hapa hapa ingekuwa sambamba kabisa. Namba andika kusini mwa mistari, na andika saa zetu, 2, 3, 4, si za Kizungu. Saa sita ni jua juu, mtoto hana haja ya kuongeza wala kutoa sita kichwani.

Saa 1 asubuhi na saa 12 jioni hazimo, na usizitafute. Kivuli cha saa 1 kinaweza kufika mita kumi na zaidi, kitapanda ukuta wa choo.

Kama unataka nusu saa au unatumia urefu mwingine, hesabu ni hii: pembe ya jua ni 15 mara saa zilizopita tangu saa sita (kabla ya saa sita ni hasi), toa 5.23. Chukua tan ya pembe hiyo kwenye kalkuleta, zidisha kwa 140.2 kwa kamba ya kaskazi na 158.5 kwa kamba ya kusini. Jibu hasi ni magharibi. Darasa la saba wenye ngumi za sentimita 180 zidisha vipimo vyote kwa 1.2, na kamba pia ziwe sentimita 120 kutoka kituoni, hapo ndo watu wanaposahau.

Kwa nini saa sita haiko katikati

Utaulizwa, na kama watoto wako wanakwenda chuoni watauliza upesi zaidi, manake wanajua adhuhuri haiingii saa sita kamili. Saa ya Tanzania nzima inapimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita karibu na Mogadishu. Chake Chake iko nyuzi 39 na robo tatu hivi, magharibi ya hapo. Jua linafika utosini mwa wa kule kwanza, kwetu linachelewa dakika 21. Unguja Mjini dakika 23. Ndo maana mstari wa saa 6 nimeusogeza magharibi kidogo: saa ya ukutani inaposema sita, huku kwetu jua bado halijapinduka.

Mstari wa kaskazi kusini unaopita kituoni usiufute, upake rangi nyekundu. Huo ni wa kupinduka jua, zawali. Kivuli kikishauvuka kuelekea mashariki, hata nywele moja, jua limepinduka. Linganisha na kalenda ya sala ya msikitini, ambayo mara nyingi inaongeza dakika chache za tahadhari, utaona zinakwenda pamoja mwaka mzima.

Dakika zinazopotea na kurudi

Hapa ndo walimu wengi wanaichukia saa ya jua. Umepima vizuri, Aprili inakubaliana na simu, Novemba iko mbele robo saa. Saa haijaharibika. Dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja, na mhimili wake umelala, vitu viwili hivyo vinalifanya jua liwahi na kuchelewa kwa ratiba ile ile kila mwaka. Andika kibao kidogo pembeni:

- Katikati ya Januari: ongeza dakika 9
- Katikati ya Februari: ongeza 14
- Katikati ya Machi: ongeza 9
- Katikati ya Aprili: acha kama ilivyo
- Katikati ya Mei: toa 4
- Katikati ya Juni: acha kama ilivyo
- Katikati ya Julai: ongeza 6
- Katikati ya Agosti: ongeza 4
- Mwanzo wa Septemba: acha kama ilivyo
- Katikati ya Septemba: toa 5
- Katikati ya Oktoba: toa 14
- Mwanzo wa Novemba: toa 16
- Mwanzo wa Disemba: toa 11
- Tarehe 25 Disemba: acha kama ilivyo

Siku za katikati kadiria. Na hii ndo sababu kwa hapa Chake zawali ya Februari ni kama saa 6 na dakika 35, na ya mwanzo wa Novemba ni saa 6 na dakika 5. Nusu saa nzima ya tofauti, na imo kwenye kalenda za msikiti miaka yote, ila hatuulizi imetoka wapi.

Tufanye mfano mmoja. Tarehe 11 Februari, mtoto kasimama, ngumi juu. Katikati ya bonge la kivuli mnakuta liko sentimita 118 magharibi ya mstari mwekundu na sentimita 34 kaskazi ya kituo. Hapo mstari wa saa 4 unapita kwenye sentimita 103, wa saa 3 unapita kwenye 176. Kwa hiyo kivuli kimeshavuka nne kwa upande wa tatu, kama sehemu moja ya tano ya nafasi. Wanasoma saa 3 na dakika 46 au 47. Kibao kinasema Februari ongeza 14. Mwalimu anatoa simu mfukoni: saa 4 kamili, au dakika moja juu. Zile sentimita 34 za kaskazi wala hazikuhusika na saa, hizo zinaeleza kitu kingine, nakuja.

Ikikosea, jinsi ya kumjua mkosaji

Kabla hujapaka rangi ifanyie kazi kwa chokaa wiki nzima. Soma asubuhi, saa sita na alasiri, kila mara rekebisha kwa kibao afu linganisha na simu, andika tofauti. Makosa yana tabia zake.

Asubuhi saa ya jua iko nyuma ya simu na alasiri iko mbele, huku saa sita iko sawa: ngumi ziko juu mno, kivuli kimekuwa kirefu kila upande. Kinyume chake, ngumi ziko chini au mtoto amekunja magoti. Rudi ukutani kwenye mstari.

Iko mbele au nyuma kutwa, asubuhi mpaka alasiri upande ule ule, na kosa ni kubwa karibu na saa sita kuliko pembeni: mtoto amelala upande au ngumi haziko juu ya kituo. Karibu na saa sita saa moja ina sentimita 40 tu, kwa hiyo ngumi zikiwa pembeni sentimita 5 umepoteza dakika saba. Mwambie mtoto mwingine asimame mbele na timazi, uzi upite kati ya ngumi na uishie katikati ya sahani. Hili ndo kosa la kila siku, mengine ukishayarekebisha yamekwisha.

Iko sawa Septemba lakini saa sita ya Juni inakosea dakika tano sita: mstari wako wa kaskazi kusini umepinda. Hilo halirekebishiki kwa mtoto, ni kupima duara upya, ndo maana nikasema rangi isubiri.

Na kama tofauti inakua pole pole wiki kwa wiki, kutwa nzima ni ile ile, hujakosea popote, umesahau kibao.

Kalenda iliyojificha kwenye mistari

Saa ya mkononi haifanyi hili, na kwangu mimi hii ndo sababu ya kuijenga. Saa inasomwa kwa mashariki na magharibi. Msimu unasomwa kwa kaskazi na kusini, kwenye mstari ule ule.

Chagua siku moja ya wiki na saa moja, tuseme saa 4 kamili ya simu, mtoto asimame, mwenzake atie nukta ya rangi kwenye katikati ya kivuli na aandike tarehe. Wiki ijayo tena. Nukta zitapandana kwenye mstari wa saa 4, zikitelemka kuelekea kusini kuanzia Januari, zitafika mwisho wiki ya tatu ya Juni, zitasimama siku kadhaa kama haziendi, afu zinarudi kaskazi mpaka wiki ya tatu ya Disemba. Hazitakaa juu ya mstari kabisa, zitayumba upande huu na huu kwa zile dakika za kibao, na ukimaliza mwaka nukta zinachora namba nane nyembamba iliyolala kwenye mstari. Watoto wataiona kwa macho yao ile Dunia isiyokwenda mwendo mmoja.

Kwenye mstari mwekundu vipimo ni hivi: Juni kivuli cha zawali kinalala kusini sentimita 82, Disemba kinalala kaskazi sentimita 49. Waulize kwa nini si sawa. Jibu ni kwamba tuko kusini ya ikweta, jua likienda kaskazi linakwenda mbali na sisi zaidi kuliko likija kusini. Unguja watapata Juni kirefu zaidi kidogo na Disemba kifupi zaidi kidogo, kwa kuwa wako kusini zaidi. Skuli mbili, moja Pemba na moja Makunduchi, zikipimiana siku moja kwa simu zitaiona tofauti hiyo, sentimita tatu hivi kwenye zawali, ilimradi ngumi zote ziwe 150 kweli.

Baina ya hapo kuna siku kivuli hakipo. Kwa Chake ni karibu tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba, Unguja Mjini siku mbili tatu tofauti, Machi mapema zaidi na Oktoba baadaye. Jua linasimama utosini, kivuli cha ngumi kinaanguka juu ya kichwa cha mwenyewe. Siku hiyo toa darasa zima nje, Machi kwenye saa 6 na nusu, Oktoba kwenye saa 6 na dakika 9. Ndoo, chupa, nguzo ya bendera, vyote havina kivuli cha pembeni. Machi inaweza kuwa na mawingu ya masika yanayoanza, Oktoba nafasi ni nzuri zaidi.

Mstari mmoja zaidi upake buluu: mashariki magharibi, sentimita 14 kusini ya kituo. Tarehe 20 au 21 Machi, na tarehe 22 au 23 Septemba, ngumi zitatembea juu ya mstari huo kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kutoka. Siku nyingine zote njia ya kivuli inapinda, Juni inapinda kwenda kusini na Disemba kwenda kaskazi. Tia chaki kila saa moja kwa siku tatu za miezi tofauti, uunganishe, utazipata pinde mbili na mstari mnyoofu katikati.

Swali watakalouliza wenye macho: mbona baina ya saa 6 na saa 7 ni sentimita 40, na baina ya saa 2 na saa 3 ni mita 1 na nusu, saa si zote dakika sitini? Jua linakwenda nyuzi 15 kila saa bila kubagua. Kinachobadilika ni mwale unavyoifikia ardhi, ukilala sana unakwenda mbali. Wape kamba, mmoja aishike kwenye ngumi za mwenzake, mwingine aibane chini, washuke kutoka wima kwa hatua zilizo sawa za pembe. Wataiona nafasi inavyotanuka bila wewe kusema neno.

Na wakitaka alasiri, pia imo. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi inaingia pale kivuli kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, juu ya kivuli kilichokuwepo wakati wa zawali. Kitu chetu ni sentimita 150. Pimeni kivuli cha zawali mchana ule, mfano 14 siku ya Septemba 23, kata kamba ya 164, ishikeni kwenye kituo na zungusheni chaki upande wa mashariki. Bonge la ngumi likigusa ule upinde, alasiri imeingia. Siku hiyo itakuwa karibu saa 9 na dakika 22 kwa simu.

Rangi

Osha sakafu, iache ikauke kutwa. Rangi ya mafuta nyeupe kwa mistari ya saa, upana wa vidole viwili, katikati ya mstari ndo iwe kwenye nukta zako, si ukingo. Nyekundu na buluu moja moja. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi pembeni kabla ya kupaka, ukingo unatoka safi. Usipake sakafu yote rangi ya giza kwa ajili ya urembo, kivuli hakitaonekana na watoto wa miguu mitupu wataungua. Saruji ya kijivu kama ilivyo inatosha. Mchanga unaokanyagwa unaila rangi haraka penye kituo, kwa hiyo pigilia msumari wa zege katikati ya ile sahani, kichwa kilingane na sakafu, na mingine miwili kwenye ncha za mstari mwekundu. Rangi ikifutika, ukiwa na misumari mitatu na vipimo vya hapo juu, unairudisha saa asubuhi moja bila kusubiri jua.